Andika Fedha Kamili, Siyo Iliyofika Mkononi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kinyangiri)



Kazi yangu ni kuwaandikia watu hesabu huko Singida mjini. Siku hizi wanaonijia si wenye maduka na mashine za kukamua alizeti peke yao. Wanakuja pia vijana wanaotengeneza picha za video na kuziweka mtandaoni, wakauza bidhaa zao humo humo na kulipwa na makampuni ili wayatangazie mali. Sheria huwaita watayarishaji wa maudhui. Leo nitasema jambo moja tu kuhusu daftari lao.

Tuchukue kijana wa mfano. Yuko hapa Kinyangiri, anaonyesha jinsi alizeti inavyolimwa na kukamuliwa, na watazamaji wake hununua mafuta kwake. Kampuni ya mbegu inapatana naye shilingi 1,000,000 kwa tangazo. Siku ya malipo simu yake inaonyesha 950,000. Je, daftarini aandike ngapi?

Wengi huandika 950,000, kwa kuwa ndizo walizoziona. Jibu sahihi ni 1,000,000. Tangu Julai 2024, mlipaji anayemlipa mtayarishaji wa maudhui mkaazi wa nchini hukata asilimia 5, yaani kodi ya zuio, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Zile 50,000 hazikupotea. Ni kodi ya kijana huyo iliyolipwa mapema kwa jina lake, na mwisho wa mwaka hupunguzwa katika deni lake. Kwa hiyo daftari lake liwe na safu tatu kwa kila mkataba: fedha kamili ya mapatano, kodi iliyozuiwa, na fedha iliyofika. Pembeni aandike namba ya hati ya kodi ya zuio, ambayo ni lazima aidai kwa mlipaji akiwa amempa TIN yake. Bila hati hiyo, ni shida kuthibitisha kwamba ile kodi ni yake.

Sasa tuone mwaka mzima. Mikataba imempa shilingi 4,000,000 kamili, na 200,000 zikazuiwa. Mafuta ameuza kwa 6,000,000. Kampuni nyingine ilimlipa kwa simu ya mkononi badala ya fedha; dukani simu hiyo siku ile iliuzwa 600,000. Hilo nalo ni pato, na huandikwa kwa bei ya sokoni. Jumla ni 10,600,000. Gharama za alizeti, chupa, usafiri, vifurushi vya intaneti na makato ya kutuma fedha, zote zikiwa na risiti, ni 3,600,000. Faida ni 7,000,000.

Nachukulia kwamba anatozwa kwa faida. Wako wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa makadirio ya mauzo. Ofisi ya kodi itakuambia uko upande gani. Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza za mwaka hazitozwi. Tatu milioni zinazofuata hutozwa asilimia 8, ambazo ni 240,000. Zilizobaki 760,000 hutozwa asilimia 20, ambazo ni 152,000. Kodi ni 392,000. Toa 200,000 zilizokwisha zuiwa, anabaki na deni la 192,000.

Yule aliyeandika fedha iliyofika mkononi ataonyesha faida ya 6,800,000. Kodi yake itakuwa 352,000, naye hana safu ya kumkumbusha zile 200,000, basi atazilipa zote. Alidhani amepunguza pato, kumbe amelipa 160,000 zaidi. Na akiandika pato pungufu halafu akadai pia zile 200,000, hesabu zake hazitalingana na zile alizopeleka mlipaji, na hapo ataitwa kujieleza.

Namna ya kugundua kosa ni rahisi. Kila mwisho wa mwezi chukua taarifa ya simu au ya benki, uilinganishe na safu ya tatu. Kisha safu ya pili na ya tatu zijumlishwe. Zisipolingana na ya kwanza, kuna hati haijafika au malipo hayajakamilika. Dai mapema, maana mlipaji wa mwezi uliopita bado anakukumbuka, wa mwaka jana amekwisha kusahau.

Daftari, risiti na hati hizo zitunzwe miaka 5. Ukizipiga picha, nakala moja iwe nje ya simu yako, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

Wenye maswali na walete madaftari yao baada ya chakula, tuyafungue pamoja.