Kitambaa au Tamponi Iliyosahaulika Ukeni: Kuitambua na Kuitoa

Uke ni njia yenye mwisho. Juu kabisa umefungwa na shingo ya kizazi, ambayo tundu lake ni dogo mno kupitisha kitambaa au tamponi. Kwa hiyo kitu kilichoingizwa ukeni wakati wa hedhi hakiwezi kupotelea tumboni, ingawa wanawake wengi huingiwa na hofu hiyo. Kinachotokea ni kwamba husukumwa juu na kulala kwa upana katika mfuko mdogo ulio nyuma ya shingo ya kizazi, mahali ambapo kidole cha mwenyewe hakifiki kwa urahisi. Mara nyingi husukumwa na tamponi ya pili iliyoingizwa kabla ya kutoa ya kwanza, au na tendo la ndoa. Kipande cha kanga au pamba husahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hakina uzi wa kuvutia.

Damu iliyonyonywa na kitambaa hicho huoza. Bakteria wasiohitaji hewa huzaliana humo, na baada ya siku kadhaa harufu huwa kali kama ya nyama iliyooza. Huambatana na majimaji ya kahawia au ya kijivu, wakati mwingine yenye michirizi ya damu. Kuwashwa si dalili kuu hapa. Fangasi huwasha na kutoa utoko mzito kama maziwa yaliyoganda, bila harufu mbaya. Harufu ya samaki yenye majimaji mepesi huelekeza zaidi kwenye mvurugiko wa bakteria wa kawaida wa uke.

Kosa kubwa katika huduma ni kutoa vidonge bila kutazama. Mfano ni wa mwanamke wa miaka 26 anayefika zahanati akiwa na harufu kali iliyoanza wiki moja baada ya hedhi. Anapewa metronidazoli, harufu inapungua kidogo, na siku chache baada ya kumaliza dozi inarudi vilevile. Dawa iliwapunguza bakteria, lakini kitambaa walimozaliana kilibaki palepale. Harufu inayorudi namna hii inadai spekulamu. Inaidai pia kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi huweza kutoa majimaji yenye damu na uvundo kama huo, na macho ndiyo yatakayotofautisha.

Akirudi, mwanamke huyo aulizwe faraghani, kwa lugha isiyomhukumu, kama aliweka kitu chochote ndani. Wengi hawakumbuki, na asiyekumbuka hajasema uongo. Baada ya kuridhia, hulala chali na kukunja magoti, na muuguzi huingiza spekulamu iliyolainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Kitambaa huonekana kama donge jeusi au la kahawia. Hushikwa kwa koleo refu na kuvutwa polepole, kisha hutumbukizwa papo hapo kwenye chombo chenye maji na kufunikwa. Hatua hii ndogo huzuia harufu kujaa chumbani, na humwepusha mgonjwa na aibu ambayo ingeweza kumzuia kurudi tena. Pasipo koleo, muuguzi huvaa glavu mbili, hukitoa kwa vidole, kisha huivua glavu ya juu kwa kuigeuza ili ikifunike kitambaa. Baadaye uke hukaguliwa tena pande zote, kwa kuwa kitambaa kikuukuu huchanika na kipande kikabaki.

Mwanamke anaweza kujaribu mwenyewe nyumbani: anawe mikono, achuchumae, ajikamue kama anayekwenda haja kubwa, na apitishe kidole taratibu. Kibanio au kijiti kisitumike, kwani huchubua. Asipokifikia, aende kituoni.

Kikishatoka, harufu hupungua sana ndani ya siku moja au mbili, na majimaji hukauka siku chache baadaye. Asiye na homa wala maumivu ya tumbo kwa kawaida hahitaji antibiotiki, wala hapaswi kuosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa. Majimaji yakiendelea baada ya wiki moja, achunguzwe upya. Maumivu chini ya kitovu, hasa shingo ya kizazi inapoguswa, huashiria maambukizi yaliyopanda kwenye mirija, na hayo hutibiwa kwa antibiotiki.

Hatari iliyo nadra lakini ya kuua ni mshtuko wa sumu ya bakteria, uliojulikana sana mwaka 1980 nchini Marekani ulipohusishwa na tamponi zenye uwezo mkubwa wa kunyonya. Huanza ghafla: homa ya nyuzi 38.9 au zaidi, kutapika au kuharisha, vipele vyekundu kama ngozi iliyoungua kwa jua, kizunguzungu na shinikizo la damu kushuka. Hapo kitambaa hutolewa mara moja, dripu huwekwa, antibiotiki ya sindano huanzishwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Harufu inaweza isiwepo kabisa, kwa kuwa sumu hiyo hutangulia kuoza kwa damu.