Kuhariri Kijitabu cha Shule: Nyuma ya "Ufaulu Asilimia 100"

Mhariri anapoletewa kijitabu cha shule ya sekondari ya bweni, mara nyingi sentensi ya kwanza anayokutana nayo ni hii: "Ufaulu wetu Kidato cha Nne ni asilimia 100." Huenda si uongo. Kwa mfumo wa NECTA, mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, yaani Daraja la Nne, na amehesabiwa kuwa amefaulu. Lakini mzazi anawaza Kidato cha Tano, na huko zinatakiwa angalau C tatu.

Kwa hiyo tudai mgawanyo. Tuchukue shule ya kubuni yenye watahiniwa 48. Tuandike: "Daraja la Kwanza 9, la Pili 14, la Tatu 15, la Nne 10, sifuri hakuna." Matokeo ya kila shule hutangazwa hadharani, kwa hiyo mzazi anaweza kuyahakiki. Asichoweza kukiona huko ni idadi ya walioanza Kidato cha Kwanza. Kama walikuwa 71, wale 23 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao. Wengine walirudia darasa, au walitakiwa kutafuta shule nyingine kwa sababu wastani wao haukufika. Mhariri aombe daftari la usajili, kisha aandike idadi zote mbili pamoja na wastani unaotakiwa ili mtoto avuke darasa. Mkuu wa shule atapinga hapa kuliko penginepo. Akikataa kabisa, basi na ile asilimia 100 iondoke.

Ada nayo haifai kuandikwa "kuanzia". Shule yetu ya kubuni inatangaza shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Ukifungua fomu ya kujiunga, unakuta sare 185,000, godoro na shuka 110,000, vitabu 150,000, na kambi ya masomo ya Juni 200,000. Mwaka wa kwanza mzazi atatoa 3,045,000. Jumla hiyo ndiyo ikae juu, mchanganuo ufuate, pamoja na tarehe za awamu na kiasi kinachorudishwa mtoto akiondoka katikati ya muhula.

Kuhusu maisha ya bwenini, msimuulize mkuu wa shule. Muulizeni matroni, patroni na mpishi. "Mazingira tulivu ya kujisomea" yatageuka kuwa: kengele ya kuamka saa 10:30 alfajiri, prepo hadi saa 4 usiku, ugali na maharage siku tano kwa wiki, nyama Jumapili, simu kwa matroni Jumamosi mchana. Kuna mzazi atakayesoma saa hizo akaona mwanawe hataziweza. Huyo aachwe aende kwingine mapema, kabla hajalipa.

Naomba kila mmoja wetu, kabla ya kupeleka kijitabu kiwandani, akilinganishe na fomu ya kujiunga, mstari kwa mstari.