Mtoto Anayejibu Vizuri Lakini Hasomi

Hotuba ya Kamati ya Elimu, Tawi la Dar es Salaam, katika harambee ya mwaka



Mmezoea kamati yetu ikisimama hapa inazungumzia mabati, saruji na madawati. Leo tunaomba kuzungumza juu ya mtoto aliye ndani ya darasa hilo tulilolijenga, ameketi kwenye dawati tulilolinunua, na mwaka wa tatu unapita hajui kusoma.

Mtoto tunayemsema ni wa kwetu, kule milimani Same. Jina lake hatutalitaja. Ana miaka 10 na anaishi na bibi yake. Siku ya soko humsaidia bibi kuuza tangawizi. Ukimwambia unataka kilo mbili na nusu, anakutajia bei kabla hujamaliza kufungua pochi, na chenji yake haina kasoro. Lakini daftari lake la shule limejaa wino mwekundu. Aliambiwa ni mvivu, akachapwa, akarudishwa darasa. Bibi alikuwa ameshakubali maneno ya watu kwamba mjukuu wake kichwa chake kizito, na alikuwa anafikiria kumwachisha shule ili akae sokoni moja kwa moja.

Wengi wetu katika kamati hii tunaishi kwa kazi ya mahesabu. Vitabu visipolingana, hatuanzi kwa kumwita karani mjinga. Tunatazama tofauti ni kiasi gani. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, tunashuku kwamba kuna mahali tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kwa mfano 63 imeandikwa 36, tofauti 27. Kosa lenyewe linakuonyesha pa kutafuta. Tuliuliza walimu wetu: je, makosa ya mtoto huyu nayo hayawezi kutuonyesha kitu? Mwalimu mmoja wa darasa la pili, aliyewahi kupata mafunzo ya elimu maalumu, alikubali kukaa naye. Tutawaeleza alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu kila mwalimu anaweza kufanya hivyo.

Kwanza alitaka kuondoa sababu nyingine. Alipima macho kwa kadi ya herufi E, mtoto akiwa umbali wa mita 6, jicho moja baada ya jingine. Akapima masikio kwa kusimama nyuma ya mtoto na kunong'ona maneno ili ayarudie. Akafungua daftari la mahudhurio kuona kama mtoto amekosa masomo muda mrefu. Akauliza pia nyumbani wanazungumza lugha gani, maana mtoto aliyekua na Chasu peke yake anahitaji muda wa kuzoea Kiswahili, na huo si ugonjwa wala ulemavu. Mtoto wetu alikuwa anaona, anasikia, anahudhuria, na Kiswahili anakiongea vizuri kama wenzake.

Ndipo akampa kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mwalimu angeweza kuishia hapo. Lakini aliweka kidole kwenye neno moja la katikati ya ukurasa, akamwambia asome hilo tu. Mtoto akanyamaza, kisha midomo yake ikaanza kucheza kimya kimya kuanzia mstari wa kwanza, hadi alipofika kwenye lile neno. Alikuwa ameukariri ukurasa kwa kusikia wenzake wakiimba pamoja. Katika darasa la watoto 80 wanaosoma kwa sauti moja, mtoto wa namna hii anaweza kujificha miaka miwili bila mtu kumgundua.

Kwa hiyo mwalimu alitumia kifungu ambacho mtoto hajawahi kukiona. Alimsomea yeye hadithi fupi, kisha akamwuliza maswali 5. Mtoto alijibu yote 5. Akampa hadithi nyingine ya ugumu uleule aisome mwenyewe kwa dakika moja. Alipata maneno 11. Kiwango kilichowekwa nchini kwa mwanafunzi wa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika. Mwisho akampa maneno 10 yasiyo na maana, kama lufe na dosu, ambayo hakuna mtu anayeweza kuyakariri wala kuyabahatisha. Lazima uunganishe herufi na sauti zake. Alipata 2.

Ndugu wanachama, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Akisikia, anaelewa yote. Akisoma, anakwama. Pengo hilo kati ya sikio na ukurasa ndilo alama kubwa ya hali inayoitwa disleksia. Mtoto mwenye uelewa mdogo kwa jumla angeshindwa pande zote mbili. Mwenye disleksia anashindwa upande mmoja, kwa sababu ubongo wake unapata shida kuzitenganisha sauti ndogo zilizo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi. Akili yake haina tatizo. Hali hii hutembea katika familia, kwa hiyo si ajabu baba au mjomba naye akawa aliichukia shule. Wapo pia ndugu zake hali hiyo: wengine ugumu wao uko kwenye namba, wengine kwenye kuandika.

Si jambo jipya. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma licha ya kufundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alisema kwamba angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Mwalimu yeyote wa kwetu anamjua mtoto wa namna hiyo.

Sasa tahadhari mbili. Ya kwanza, mtoto wa miaka 6 au 7 akichanganya b na d, usikimbilie kusema ana disleksia. Watoto wengi hupitia hapo na huacha. Ya pili, mwalimu hatoi cheti cha ugonjwa. Kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu, na vipimo vingi vilivyopo vilitungwa kwa watoto wanaosoma Kiingereza. Ukivitafsiri tu, vinadanganya, kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kwa Kiswahili, mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kusoma bila makosa mengi, ila polepole mno. Akifika mwisho wa neno refu kama "walipokutana", mwanzo wake ameshausahau. Watu wanaona amejua kusoma, wanamwacha. Kisha anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza ambacho hakiandikwi kinavyotamkwa, na hapo anaanguka kabisa. Ndiyo maana lazima apimwe kasi pamoja na usahihi, mapema.

Msaada hausubiri cheti. Mwalimu alimweka mtoto huyu na wenzake 4 wenye shida kama hiyo, dakika 20, siku 4 kwa wiki, baada ya kipindi cha asubuhi. Walianza na sauti, bila herufi: kupiga makofi kwa kila silabi, kusema neno "paka" likiondolewa "pa" linabaki nini. Kisha herufi chache kwa wakati, wakizitamka huku wakiziandika kwenye mchanga kwa kidole. B ilifundishwa mpaka ikakaa, ndipo d ikaletwa wiki kadhaa baadaye, zisikutane. Baada ya hapo silabi kwenye kadi za maboksi, za kupanga na kupangua. Mw, nd na ng' zilikuja mwisho. Maneno marefu yalikatwa vipande: wa-li-po-kutana. Kila kikao kilianza kwa kurudia ya jana, maana watoto hawa husahau upesi kisichorudiwa.

Darasani nako alibadilisha mambo machache. Mtoto aliketi mbele. Hakuitwa ghafla kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, bali alipewa aya yake siku moja kabla. Badala ya kunakili ubao mzima, alinakili sentensi mbili. Katika mtihani wa sayansi mwalimu alimsomea maswali naye akajibu kwa mdomo, kwa kuwa mtihani ule ulikuwa wa kupima sayansi. Alama zake za sayansi zilipanda muhula uleule, na hakufundishwa sayansi zaidi ya wenzake.

Baada ya wiki 12 alipimwa tena. Maneno yalikuwa 24 kwa dakika, na yale yasiyo na maana alipata 6 kati ya 10. Bado yuko chini ya nusu ya kiwango, na huenda atasoma polepole maisha yake yote. Disleksia haiponi kama malaria. Lakini watoto wawili kati ya wale wenzake 4 walishafika kiwango na kurudi darasani. Hao hawakuwa na disleksia, walikosa tu mafunzo ya karibu. Kwa hiyo wiki 12 zile zilikuwa msaada na kipimo kwa pamoja: anayepiga hatua haraka alihitaji kufundishwa, anayesota licha ya kufundishwa vizuri ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu. Bibi aliposomewa barua fupi na mjukuu wake, neno kwa neno, alimwambia mwalimu kwamba sokoni atakwenda Jumamosi tu.

Ndugu Mwenyekiti, ombi letu ni hili. Shule zetu za msingi ni 4. Tunataka walimu 2 kutoka kila shule wapate mafunzo ya siku 3 ya kupima na kufundisha kwa njia tuliyoieleza. Mkufunzi, nauli na chakula ni shilingi 2,400,000. Kadi, vitabu vya hadithi na kadi za kupimia macho ni shilingi 600,000. Nauli za watoto watakaohitaji kupelekwa hospitali ya wilaya kwa macho na masikio, au kwa mtaalamu, ni shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 3,600,000. Mwakani tutaleta hesabu ya fedha, na pia hesabu ya watoto: wangapi walipimwa, walianza na maneno mangapi, wamefika mangapi, na wangapi bado wamekwama. Hao wa mwisho hatutawaficha.

Kwa mzazi aliye hapa mwenye mtoto anayesumbuka, fanya jambo moja leo ukifika nyumbani. Msomee hadithi asiyoijua, umwulize maswali. Kisha mpe nyingine asome yeye. Matokeo mawili yakipishana sana, usimchape. Nenda ukaonane na mwalimu wake, umweleze ulichokiona.