Heroe wawili katika picha moja

Picha za Ziwa Bogoria, Kenya, mara nyingi huonyesha heroe wa aina mbili wamesimama pamoja: heroe mkubwa na heroe mdogo. Ndege hawa hufuata maziwa ya magadi.

Alama ya kuaminika kuliko zote ni mdomo. Wa heroe mkubwa ni wa waridi hafifu, na ncha yake tu ndiyo nyeusi, kama iliyochovywa kwenye wino. Wa heroe mdogo ni mwekundu wa kuiva sana, hata kwa mbali huonekana mweusi wote. Rangi ya manyoya hupotosha, maana hutokana na chakula.

Kimo husaidia pale tu aina zote mbili zinapokuwa karibu. Mkubwa hufikia takriban sentimita 145, mdogo 90 hivi. Akisimama peke yake, hana wa kupimwa naye.

Picha isipoonyesha mdomo vizuri, mkao wa kula hutoa jibu. Heroe mdogo hupitisha mdomo juujuu ya maji, akiuyumbisha kushoto na kulia, akichuja mwani mdogo sana. Mkubwa huzamisha kichwa chote, pengine na shingo, akitafuta wadudu na kamba wadogo topeni. Makinda ya aina zote mbili ni ya kijivu, na hapo ndipo hata macho yaliyozoea hukosea.