Karani Kijana na Heshima ya Ofisini

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya lalamiko linaloletwa kwetu na vijana kila mara, kwamba waingiapo kazini hawahesabiwi. Kijana wa miaka 22, aliyefaulu mtihani wake na kupewa barua ya kuajiriwa kama wenziwe, huitwa "mtoto" mbele ya wageni. Akitoa shauri mkutanini hakuna alisikiaye, mpaka mzee mmoja alirudie, ndipo liandikwe. Sisi tulio wazee katika kazi hii twajua ya kuwa lalamiko hilo ni la kweli. Lakini kugomba hakuliondoi, na kungoja mvi ni kungoja mno.

Yafaa kwanza tujue sababu yake. Mtu aliyekaa kazini miaka 25 amekwisha kusikia vijana wengi wakimwambia, "Naileta sasa hivi," na faili isionekane hata jioni. Kwa hiyo humpima kijana mpya kwa kipimo cha wale waliomtangulia. Hajui bado kama neno la huyu lina uzito. Basi kazi ya kijana ni kuchagua jambo moja, dogo lakini la kila siku, ambalo katika hilo neno lake halikosi kamwe.

Twatoa mfano wa masjala, maana vijana wengi huanzia huko, na huko ahadi ya mtu huonekana upesi kama ni kweli au si kweli. Barua ikiingia hupigwa mhuri wa tarehe siku ile ile, huandikwa katika daftari la barua zinazoingia, hutiwa katika faili yake, na kila karatasi hupewa namba ya folio pembeni juu, kwa kufuatana. Faili ikitoka, mahali pake rafuni huwekwa kadi yenye jina la aliyeichukua na tarehe. Watu wengi hufanya hayo siku ya posta chache, na huyaacha siku ya posta nyingi. Kijana asiyeyaacha hata siku hiyo ndiye atakayejulikana.

Katika ofisi ya wilaya moja alikuwako karani kijana wa namna hiyo, ambaye jina lake hatulitaji. Alipewa masjala kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Miezi miwili ya kwanza hakusema neno. Kila Ijumaa, baada ya saa nane, alizunguka meza zote na daftari mkononi, akaandika faili ipi i juu ya meza ya nani, kisha akarekebisha kadi zake rafuni. Wakubwa walimcheka, wakamwita mhesabu karatasi. Hata hivyo Jumatatu mtu akiuliza faili, yeye hujibu bila kwenda kutafuta, "Iko kwa Bwana Mhasibu tangu Alhamisi." Na mtu akienda, aikuta.

Mwezi wa tano, tarishi mmoja mzee alikuwa karibu kustaafu, na hesabu ya malipo yake ilikuwa itengenezwe. Kijana alipokagua faili yake aliona folio ya 14, kisha ya 16. Ya 15 haimo. Akafungua daftari la barua zinazoingia la mwaka ule, akaona ya kuwa barua iliyokosekana ndiyo ya kumthibitisha mzee yule kazini. Bila karatasi ile, huenda mzee angerudishwa nyumbani na kuambiwa angoje, naye amekwisha kutoa kiinua mgongo chake ahadi ya kujenga. Kijana akafikiri: karatasi haipotei bure, huenda ilitiwa pengine. Akatafuta mafaili ya watu wenye jina moja na yule mzee. Walikuwa watatu. Katika faili ya wa pili, baina ya folio ya 9 na ya 10, akaikuta karatasi, nayo ina namba 15 kwa wino mwekundu.

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hapa ndipo vijana wengi huharibu. Aliyekosea kuiweka barua ile alikuwa karani mkuu mwenyewe, zamani alipokuwa masjala. Mwandiko wake ulijulikana. Kijana hakuinua karatasi mbele ya watu. Alingoja wenzake waende kunywa chai, akaingia na mafaili yote mawili, akaamkia, akasema, "Mzee, nimekuta barua hii katika faili ya mtu mwingine. Naomba ruhusa niirudishe mahali pake, na niandike dokezo kwamba imerudishwa leo." Hakuuliza nani aliyekosa. Karani mkuu aliitazama sana, akatia sahihi. Tarishi alilipwa kwa wakati wake. Tangu siku ile, hesabu yo yote ya kustaafu haikutoka ofisini mle kabla kijana yule hajaikagua, wala hakuna aliyetoa amri hiyo. Ilikuwa desturi tu.

Angalieni ya kuwa aliandika dokezo, akatia tarehe na jina lake. Huo haukuwa ubishi. Kazi isiyoandikwa humezwa na mwenye sauti kubwa, na kijana hana sauti kubwa. Karatasi ndiyo imsemeayo.

Yako mambo mawili ya kujihadhari. La kwanza ni kuwa mkimbizi wa kila mtu. Kumsaidia mzee ni adabu yetu, wala kuleta chai si aibu. Lakini ikiwa posta ya asubuhi haijaandikwa, kijana aseme kwa upole, "Shikamoo, mzee. Naandika barua, saa nne nitakwenda." Na saa nne ikifika aende kweli. Akikataa, atachukiwa, akiacha barua, kesho ataulizwa yeye, wala si aliyemtuma. La pili ni kuahidi usichoweza. Afadhali kusema "kesho asubuhi" ukaleta leo jioni, kuliko kusema "sasa hivi" ukaleta kesho.

Watu huuliza, nitajuaje kama heshima yaja? Usiitafute katika sifa. Itazame hapa: watu wanakuuliza kabla ya kukata shauri, badala ya baada yake, na mtu akibishana na mwenziwe juu ya tarehe, asema, "Tumwulize yule wa masjala." Hayo huja kwa miezi, si kwa wiki.

Lakini tusidanganyane: subira ina mpaka. Kuitwa mtoto huponywa na kazi njema. Kunyimwa likizo, au muda wa majaribio kupita bila barua ya kuthibitishwa, hakuponywi hivyo. Mambo hayo ni haki, na kijana ayaandike kwa adabu kwa mkuu wake, abakize nakala, na asipojibiwa alete nakala ile kwa chama. Asichanganye mambo haya mawili.

Na ninyi wakubwa wenzetu, mkubwa ni jalala. Yule karani mkuu angaliweza kukasirika, na vijana wote wa ofisi ile wangalijifunza kuficha makosa wanayoyaona. Alitia sahihi, naye hakupungukiwa na kitu. Kijana akileta neno la kweli mkutanini, liandikwe kwa jina lake mara ya kwanza alisemapo.

Tumesema.