Radhi Haina "Lakini"
(Mazungumzo na wapenzi wa mpira, Michenzani)

Wewe msomaji ambaye hukuwapo barazani, vuta kiti. Nimesema vuta, sikusema ng'oa.

Disemba 15, 2024, uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Simba iliifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1. Bao la ushindi la Kibu Denis lilikuja dakika za nyongeza, Watunisia wakamzonga mwamuzi, na majukwaani viti vikang'olewa na kurushwa. Serikali ilihesabu viti 256 vilivyoharibika.

Sasa jiweke mahali pa katibu wa klabu usiku ule, kalamu mkononi. Kishawishi cha kwanza ni kuandika: "Tunasikitishwa na yaliyotokea, lakini wageni ndio walioanza." Hebu niambie, "yaliyotokea" ni nini? Mvua? Kiti hakijirushi. Na hilo la wageni, hata likiwa kweli tupu, ni la kupeleka kwenye ripoti ya mchezo. Ukilitia ndani ya radhi, umegeuka mshitaki.

Kishawishi cha pili ni "wahuni wachache wasio wanachama wetu". Ajabu! Siku ya kushangilia kombe hamuulizani kadi.

Tena utetezi huo haufiki popote. Kanuni za nidhamu za mpira zinambebesha mwenyeji mashabiki wake, na wakirusha vitu uwanjani klabu huadhibiwa hata kama viongozi wake hawakuzembea. Simba ilitozwa faini na CAF, na Januari 19, 2025 ikacheza na CS Constantine ya Algeria mbele ya viti vitupu. Walioumia ni wale waliokaa kwa adabu zao, na mama muuza karanga wa nje ya geti.

Basi mimi ningeandika hivi: "Mashabiki wetu waling'oa viti na kuvirusha. Tunawaomba radhi wachezaji na viongozi wa Sfaxien, waamuzi, askari, watazamaji na wenye uwanja. Viti tulivyovunja tutavilipa kwa hesabu ya mwenye uwanja. Tutakabidhi picha kwa polisi, na atakayetambuliwa hatauziwa tiketi. Adhabu ya CAF tutaitumikia." Basi. Mwenye kosa katajwa, mwenye kudhurika katajwa, malipo yametajwa.

Kwa nini nayasema haya hapa Michenzani? Kwa sababu Amaan ni mwendo wa miguu kutoka kwenye majumba haya. Uwanja ulifunguliwa upya Disemba 2023, na Mei 25, 2025 mechi ya pili ya fainali ya Simba na RS Berkane ilipigwa pale pale. Ilikwisha 1-1, kombe likaenda Morocco. Vilabu vyetu vya Unguja navyo vinacheza pale, mbele ya viti vile vile. Kwa hiyo wewe katibu wa klabu ya mtaani, hebu andika barua yako leo, kabla ya mechi, uache nafasi ya tarehe na idadi ya viti. Ukingoja usiku wa vurugu, mkono wenyewe utaandika "lakini".