Sapu Kwenye Transkripti: Iseme Mapema, kwa Ufupi

Mwanafunzi wa uhasibu anayeomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo huambatanisha transkripti, na anayeipokea huiangalia mara moja kutafuta masomo yanayohusu kazi. Akiona F kwenye Uhasibu wa Gharama, na barua ya maombi iko kimya, atajijazia sababu mwenyewe. Ndiyo maana nasema alama hiyo itajwe, lakini kwa sentensi mbili au tatu, baada ya kueleza unachoweza kufanya. Mfano: "Mwaka wa pili nilifeli Uhasibu wa Gharama kwa kuwa niliacha mazoezi ya kugawa gharama hadi wiki ya mtihani. Nilifaulu sapu kwa C, na muhula uliofuata nikapata B+ katika Uhasibu wa Menejimenti, unaotegemea somo hilo." Hiyo B+ ndiyo yenye uzito, maana inaonyesha pengo limezibwa, ilhali ahadi ya kujitahidi haithibitishi kitu.

Kuna atakayeuliza: na kama kweli mhadhiri alifundisha vibaya? Huenda ni kweli, ila msomaji hawezi kuthibitisha, na anachosikia ni lawama. Ugonjwa au msiba ni tofauti: utaje pamoja na mwezi wake, usisimulie. Na kama transkripti haikuombwa, wala somo halihusiani na kazi hiyo, si uongo kuliacha. Ukiulizwa kwenye usaili, toa jibu lilelile, kisha nyamaza usubiri swali linalofuata.